Hati ya Bibi na Mateka wa Talas

Mwaka jana wakati wa likizo, mjomba wangu alitaka kuipeleka hati ya Bibi kwenye duka la fotokopi ikapigwe laminesheni. Nilimzuia mlangoni. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba karatasi ya zamani ikishabanwa na plastiki ya moto haitoki tena, lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayejua mengi, maana nyumbani Pangani tangu nianze shahada ya uzamili ya historia naitwa "msomi". Mjomba akanikabidhi hati ile na kuniambia, haya msomi, basi tueleze ni ya lini na inasema nini.

Hadithi yake sote tulikuwa tunaijua. Babu yake Bibi alipewa shamba la minazi na Sultani wa Unguja kwa ushujaa wake, na hati ile ndiyo ushahidi. Hakuna aliyeweza kuisoma kwa sababu imeandikwa kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na mchwa walishakula kona moja, ile yenye tarehe.

Niliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Ndani yake, si juu yake, zikaonekana hilali tatu zilizopangwa kwa mstari, kuanzia kubwa kwenda ndogo.

Nilirudi chuoni na picha ya hilali hizo kwenye simu. Muhula huo nilikuwa na zamu ya kuwasilisha kwenye semina mada ya jinsi karatasi, baruti na dira zilivyotoka China na kusambaa duniani. Nilianza kwa hadithi ninayoipenda, ambayo hata kidato cha tatu niliwahi kuwafundisha nilipokuwa kwenye mazoezi ya ualimu. Mwezi Julai 751, kando ya mto Talas katika Asia ya Kati, jeshi la Waabbasi likiongozwa na Ziyad ibn Salih lilipigana na jeshi la nasaba ya Tang chini ya Jenerali Gao Xianzhi. Wachina walishindwa. Miongoni mwa mateka walikuwemo mafundi wa karatasi, wakapelekwa Samarkandi, wakawafundisha Waislamu ufundi wao, na kutoka hapo karatasi ikaenda Baghdadi, Kairo, Uhispania na Italia. Vita moja, siri moja, dunia ikabadilika.

Mwalimu wetu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Nani alisema?"

Sikuwa na jibu. Wiki mbili zilizofuata nilizitumia kulitafuta.

Aliyesema ni mwanafasihi al-Thaalibi, katika kitabu cha mambo ya kuvutia kuhusu watu na miji. Al-Thaalibi alifariki mwaka 1038. Kati yake na vita vya Talas kuna zaidi ya miaka mia mbili na hamsini. Ni kama mimi leo nieleze kwa uhakika nani alimfundisha nani kusuka mikeka enzi za mababu wa mababu wa Bibi, kwa kutegemea nilichosikia sokoni. Huenda ni kweli, lakini si ushahidi wa aliyeona.

Aliyeona yupo. Anaitwa Du Huan, Mchina aliyetekwa Talas. Aliishi katika nchi za Waabbasi kwa miaka kumi na kidogo, akarudi kwao kwa njia ya bahari mwaka 762, akaandika kitabu. Kitabu chenyewe kimepotea, ila ndugu yake wa ukoo, Du You, alinukuu vipande vyake katika ensaiklopidia yake, na vipande hivyo tunavyo. Du Huan anawataja mafundi wa Kichina aliowakuta huko ugenini: wachoraji, wafua dhahabu na fedha, wafumaji wa hariri. Wengine anawataja hata kwa majina. Fundi wa karatasi hamtaji hata mmoja.

Mtu asipotajwa si lazima awe hakuwepo. Lakini kuna ushahidi mwingine, na huu ndio ulionikalisha kimya maktabani.

Mwaka 1907 mtafiti Aurel Stein alichimba katika magofu ya mnara wa ulinzi magharibi ya Dunhuang, kwenye mpaka wa zamani wa China, akapata mkoba wa barua ambazo hazikuwahi kufika. Ziliandikwa na Wasogdi, wafanyabiashara ambao mji wao mkuu ulikuwa Samarkandi, na wataalamu wanazikadiria kuwa za miaka ya 312 hadi 314. Barua moja ilifungwa kwa kitambaa chenye maelekezo kwamba ipelekwe Samarkandi. Nyingine ni ya mwanamke anayeitwa Miwnay, aliyetelekezwa Dunhuang na mumewe, hana fedha wala jamaa wa kumsaidia. Anamwandikia mume huyo kwa hasira kwamba bora angekuwa mke wa mbwa au nguruwe kuliko wake.

Barua zote hizo zimeandikwa kwenye karatasi. Miaka zaidi ya mia nne kabla ya Talas, watu wa Samarkandi walikuwa wanaishika karatasi, wanaikunja, wanailipia na kuitukania waume zao. Mapema miaka ya 1930 wachimbaji walipata tena nyaraka za Kisogdi kwenye mlima Mugh, mashariki ya Samarkandi, za mtawala Dewashtich aliyeuawa mwaka 722, na miongoni mwake zimo za karatasi. Hakukuwa na siri ya kufichuliwa vitani. Karatasi ilitembea na misafara ya ngamia, ikibebwa na wachuuzi na watawa wa Kibuddha waliohitaji kunakili vitabu vyao, mji kwa mji, pole pole.

Lakini kujua karatasi si sawa na kujua kuitengeneza mahali ambapo miti yake haioti, na hapo ndipo kazi kubwa ilipofanyika. Wachina walikuwa na vipande vya karatasi tangu karne ya pili kabla ya Kristo. Cai Lun, ofisa wa kasri anayetajwa mwaka 105, aliuboresha na kuutangaza ufundi uliokuwepo tayari. Kanuni yake haijabadilika hadi leo. Unachukua nyuzi za mmea, unaziloweka na kuzichemsha pamoja na majivu au chokaa ili zilainike, unazitwanga hadi zifumuke, kisha unazitia kwenye pipa la maji mengi sana. Unazamisha fremu yenye wavu, unaiinua kwa mlalo, unaitikisa kidogo. Maji yanachuruzika na nyuzi zinabaki juu ya wavu zikiwa zimeshikana. Ukikandamiza na kukausha, una karatasi. Uthabiti wake unatoka kwenye kutwanga: nyuzi zisipofumuka vya kutosha hazishikani, na karatasi inachanika ukiigusa.

China walitumia zaidi magome ya mti wa jamii ya mforosadi. Katika nchi kavu za Asia ya Kati na Iraki mti huo haukuwa wa kutegemea. Mafundi wa huko waligeukia matambara ya kitani na kamba kuukuu, ambazo nyuzi zake zilikwishalainishwa na miaka ya kufuliwa na kuvaliwa. Badiliko la pili lililetwa na kalamu. Mchina aliandika kwa brashi laini, na karatasi nyembamba inayofyonza wino ilimfaa. Mwarabu aliandika kwa kalamu ya tete, ngumu, yenye ncha iliyochongwa. Ukiandika kwa tete kwenye karatasi ya kufyonza, wino unatambaa na ncha inakwaruza nyuzi. Kwa hiyo walipaka karatasi wanga, wakaisugua kwa jiwe laini mpaka ikang'aa. Nani hasa alikuwa wa kwanza kupaka wanga ule hakuna kitabu kinachosema, wala hakuna vita vilivyopewa jina lake.

Baghdadi ilipata karakana ya karatasi mwishoni mwa karne ya nane, na serikali ya Waabbasi ikaipokea kwa sababu ya kiofisi kabisa. Wino kwenye ngozi unaweza kukwanguliwa na kuandikwa upya. Kwenye karatasi wino unazama, na anayejaribu kuukwangua anaacha alama. Kwa watu waliokusanya kodi kutoka Afrika ya Kaskazini hadi mipaka ya India, hati ngumu kughushi ilikuwa na thamani kuliko hati nzuri. Baada ya makarani wakaja wanazuoni, na mtaa wa wauza karatasi na wanakili ukawa na maduka zaidi ya mia moja.

Mfano wa jinsi elimu ilivyobadilika niliupata kwa al-Uqlidisi, mwanahisabati aliyeandika Dameski karibu na mwaka 952. Kabla yake, hesabu za tarakimu za Kihindi, hizi hizi tunazotumia sisi, zilifanywa juu ya ubao uliomwagiwa vumbi. Unaandika kwa kidole, ukimaliza hatua unafuta, unaandika juu yake hatua inayofuata. Mwisho unabaki na jibu tupu. Ukikosea, hujui ulikosea wapi, kwa sababu njia yote umeifuta. Al-Uqlidisi alizipanga upya kanuni za hesabu ili zifanyike kwa wino na karatasi, bila kufuta, kila hatua ikibaki pale ilipoandikwa. Moja ya sababu alizotoa inachekesha: hakutaka mtu wa heshima aonekane na ubao wa vumbi kama wapiga ramli wa barabarani. Matokeo yake hayachekeshi. Mwanafunzi akaweza kuona kosa lake, na mwalimu akaweza kulisahihisha akiwa mji mwingine. Kila mwalimu wa hisabati anayemwambia mtoto "onyesha njia" anamfuata mtu huyo.

Nilirudi semina na haya yote, na mwalimu akanipa swali jingine: je, baruti na dira nazo zilitembea hivyo hivyo? Nilidhani jibu ni ndiyo. Sivyo, na tofauti yake inafundisha.

Tuanze na baruti. Neno letu linatoka kwenye Kiarabu, na zamani neno hilo halikuwa jina la mchanganyiko, bali la kiungo kimoja: shura, ile chumvi nyeupe inayochanua kwenye udongo wenye samadi na kuta za zamani. Ibn al-Baytar, mtaalamu wa dawa aliyefariki 1248, anaitaja kwa jina la theluji ya China. Viungo vingine viwili, mkaa na kiberiti, kila mtu alikuwa navyo. Kilichosafiri kutoka China, kwa hiyo, kilikuwa elimu ya shura. Kitabu cha kijeshi cha Wachina cha mwaka 1044 kina kanuni za baruti, lakini shura yake ni kidogo, hivyo inawaka kwa fujo zaidi ya kulipuka. Ili ilipuke na kusukuma risasi, shura inapaswa kukaribia robo tatu ya uzito wote, tena iwe safi.

Usafi ndio mtihani. Shura ya udongoni ina chumvi nyingine ndani yake zinazovuta unyevu wa hewa. Yeyote aliyekaa pwani anajua chumvi inavyogeuka majimaji kwenye kibakuli mwezi wa nne. Baruti yenye shura chafu inafanya hivyo hivyo, na bunduki inakataa siku ile unayoihitaji. Hasan al-Rammah wa Shamu, aliyefariki 1295, aliandika namna ya kuisafisha: iyeyushe kwenye maji, tia maji ya majivu ya kuni, chumvi mbaya zitazama kama matope, chuja, chemsha, acha ipoe ijigandishe kuwa fuwele. Hapa njia ya maarifa inaonekana vizuri. Yalipitia mikononi mwa wapishi wa dawa na mafundi wa fataki kabla hayajafika kwa majenerali.

Mwaka 1326 mzinga unatajwa katika nyaraka za Florensi, na mwaka huo huo mzinga ukachorwa katika kitabu cha Uingereza. Mwezi Julai 1505 mizinga ilikuwa ndani ya merikebu za Francisco d'Almeida mbele ya Kilwa, na mwezi uliofuata mbele ya Mombasa. Miji yote miwili ilitekwa na kuporwa. Nimekwenda Kilwa Kisiwani na wanafunzi wenzangu, tukasimama kwenye msikiti mkuu, na nilichofikiria ni kwamba kiungo kikuu cha ile baruti kiliwahi kuitwa theluji.

Dira nayo ina mambo yake. Shen Kuo anaeleza sindano ya sumaku mwaka 1088, na mapema karne ya kumi na mbili mwandishi mwingine wa China, Zhu Yu, anasema manahodha hutazama nyota usiku, jua mchana, na mawingu yakitanda hutazama sindano inayoelekea kusini. Tungetegemea baada ya hapo itajwe na Waarabu, kisha Wazungu. Ushahidi umekaa kinyume: Mwingereza Alexander Neckam anaitaja karibu na mwaka 1190, wakati maelezo ya wazi ya Kiarabu ya sindano inayoelea majini ni ya Baylak al-Qibjaqi, aliyeandika 1282 kuhusu alichokiona baharini, kati ya Tripoli ya Shamu na Iskanderia, mwaka 1242. Hatuwezi kuchora mshale mmoja kwenye ramani na kuuita njia ya dira.

Tunachoweza kusema ni mahali ilipoleta tofauti kubwa. Katika bahari yetu, nahodha alikuwa na kaskazi na kusi zinazovuma kwa majira, na anga iliyo wazi sehemu kubwa ya msimu wa safari. Nyota zilimtosha kwa mengi, na dira ilikuwa msaidizi. Hata neno "dira", katika maandishi ya mabaharia wa Kiarabu kama Ibn Majid, lilimaanisha njia ya kufuata baharini. Kwetu likawa jina la chombo. Mediterania ilikuwa jambo jingine. Kuanzia Oktoba hadi Machi mawingu yalifunga anga na meli zilikaa bandarini. Dira, pamoja na ramani za pwani zilizochorwa kwa kuifuata, ilifungua miezi ile, na kufikia karne ya kumi na nne merikebu za Venisi ziliweza kufanya safari mbili kwa mwaka badala ya moja. Chombo ni kile kile. Mawingu ndiyo yaliyoamua kitabadilisha nini.

Na Venisi ndiyo iliyonirudisha kwenye hati ya Bibi.

Karatasi ilipofika Italia haikupokelewa kwa vigelegele. Mwaka 1231 Mfalme Federiki wa Pili alikataza hati rasmi zisiandikwe juu yake, kwa kuwa aliiona haidumu kama ngozi. Mafundi wa Fabriano, katika karne hiyo hiyo, waliijibu hoja hiyo kwa kazi. Walitwanga matambara kwa nyundo zinazoendeshwa na maji ya mto, na badala ya wanga wakapaka gundi iliyochemshwa kutoka kwenye ngozi za wanyama, ambayo inaifanya karatasi iwe ngumu na isishambuliwe na ukungu kirahisi. Wavu wao ulikuwa wa waya, na mtu mmoja akagundua kwamba ukishona juu yake waya mwembamba uliopindwa umbo fulani, pale karatasi inakuwa nyembamba zaidi, na umbo linaonekana ukiinua kwenye mwanga. Hiyo ndiyo alama ya maji.

Karatasi hii, yenye nguvu na ya bei nafuu, ikaanza kuuzwa kwa Waislamu waliowafundisha Wataliani. Wengine walisita, maana baadhi ya alama zilikuwa misalaba. Mwaka 1409 mwanazuoni Ibn Marzuq wa Tlemcen alitoa fatwa ndefu akiruhusu kuitumia. Watengenezaji wa upande wa Venisi walielewa soko lao vizuri. Baadaye wakashona kwenye nyavu zao hilali tatu.

Karatasi za hilali tatu ziliuzwa kwa wingi katika nchi za Waosmani, Misri na Sudani, na zilifika hadi pwani yetu. Kwa hiyo ile hati ya Pangani ilianza kama shati la Mtaliani asiyejulikana, likatwangwa kwa kanuni iliyotoka China kupitia Samarkandi na Baghdadi, likapewa hilali ili limpendeze mnunuzi, likashuka kwenye jahazi. Lakini hilali hizo zilitumika tangu karne ya kumi na saba hadi mapema karne ya ishirini. Zilinipa karatasi ilikotoka. Tarehe hazikunipa.

Likizo iliyofuata nilimpata mzee mmoja anayesoma hati za Kiarabu, tukakaa na Bibi barazani. Mzee akasoma taratibu, akirudia maneno mawili matatu. Hakuna Sultani. Hakuna ushujaa. Ni hati ya rehani: minazi arobaini imewekwa dhamana kwa deni la rupia, na jina la mdai limeliwa na mchwa. Chini kuna mstari mfupi, wino tofauti, kwamba deni limelipwa na minazi imerudi kwa mwenyewe.

Mjomba akanyamaza. Nilimtazama Bibi nikiogopa nimemvunjia kitu, kama swali la mwalimu lilivyonivunjia Talas.

"Kwa hiyo alilipa," Bibi akasema.

"Alilipa, Bibi. Imeandikwa."

"Rupia ngapi?"

Mzee akaangalia tena. Mahali pa kiasi mchwa walikwishapita.

Bibi akaichukua hati, akaiweka katikati ya karatasi mbili nyeupe zisizo na tindikali nilizomletea kutoka chuoni, akaifunga kwenye kanga na kuirudisha sandukuni. Jioni wajukuu wadogo walipomuuliza ile karatasi inasema nini, nilimsikia akiwaeleza habari za babu yake aliyekopa wakati wa shida, akakwea minazi na kufua nazi mpaka deni likaisha. Habari za kufua nazi hazimo kwenye hati. Nilitaka kumuuliza nani alisema, kisha nikakumbuka kwamba yeye alimwona babu yake kwa macho, nikakaa chini nikasikiliza.